Gauni la Njiro au gauni la Rau? Magauni mawili ya harusi yaliyokwisha kuvaliwa

Binti wa jirani yangu anaolewa Kibosho mwishoni mwa mwaka. Alikuja kwenye kibanda changu cha kushonea hapa Moshi na simu mkononi, na kwenye simu kulikuwa na matangazo mawili ya magauni ya harusi. Alikuwa amekwishachagua. Alichotaka kwangu ni kuambiwa amechagua vizuri.

Tangazo la kwanza lilitoka Njiro, Arusha: "Gauni la harusi, saizi 14, limevaliwa mara moja tu, safi kabisa halina doa, kama jipya. 650,000." Picha saba, za mpigapicha wa harusi, zote zinang'aa. La pili lilitoka Rau, hapa hapa mjini: "Nauza gauni langu. Kifua sm 90 na kiuno sm 74 kamba zikifungwa mpaka mwisho, zikiachiwa linaongezeka. Pindo lina udongo, halijafuliwa tangu harusi. Ndani ya neti kuna tundu la kisigino. 450,000." Picha mbili, zimepigwa usiku chini ya taa ya kitandani, gauni limening'inia mlangoni kama mtu aliyekata tamaa.

"Mama, hili la Njiro si ndilo?" akaniuliza. "Kwanza ni kubwa kwangu, na kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza."

Hilo la kupunguza ni rahisi kila mtu analijua, na mara nyingi ni kweli. Nikamwambia: mwanangu, tukayaone yote mawili kwanza, kisha ndipo tuseme lipi ni kubwa na lipi ni dogo. Jumamosi asubuhi tukapitia Rau, mchana tukapanda gari la Arusha na tepu yangu, pini, sumaku ndogo na karatasi nyeupe.

Vipimo

Saizi 14 haisemi kitu. Saizi 14 ya Uingereza si saizi 14 ya Marekani, na magauni yanayotoka China huwa na lebo yoyote aliyotaka mwenye kiwanda. Mafundi wengi tumezoea inchi, lakini kwenye gauni la kubana natumia sentimita, kwa sababu ninapohesabu kitambaa kilichobaki ndani ya mshono sitaki kuhangaika na robo na nusu robo. Kama muuzaji amekupa inchi, zidisha kwa 2.54. Na kama amekutajia "kifua 45" bila kusema ni nini, muulize amepimaje. Wengi hulaza gauni kitandani, wakapima kwapa hadi kwapa, wakaandika hicho hicho. Hiyo ni nusu. Kipimo cha kifua ni hicho mara mbili, zipu ikiwa imefungwa.

Tulichopata ni hiki, kwa sentimita:

| | Bibi harusi | Gauni la Njiro | Gauni la Rau |
|---|---|---|---|
| Kifua | 96 | 104 | 90 hadi 100 |
| Kiuno | 78 | 86 | 74 hadi 84 |
| Nyonga | 106 | 112 | sketi pana, haihusiki |
| Bega hadi kiuno, mgongoni | 40 | 43 | 40 |
| Kiuno hadi chini, mbele (yeye akiwa na kiatu cha sm 7) | 107 | 113 | 110 |

Ukisoma mistari mitatu ya juu, la Njiro ndilo lenye nafasi. Mstari wa nne ndio uliobadilisha mambo, na ndio mstari ambao sijawahi kuuona kwenye tangazo lolote la gauni.

Bega hadi kiuno la Njiro limezidi kwa sm 3. Maana yake kiuno cha gauni hakikai kwenye kiuno cha huyu binti, kinaangukia juu ya nyonga, na pale kitambaa kinakunjamana kwa sababu sehemu iliyokatwa kwa ajili ya kiuno chembamba inalazimishwa kupita penye mwili mpana. Kubana ubavuni hakuponyi hilo. Lazima gauni liinuliwe kutoka mabegani. Kwa gauni la vikanda hiyo ni kazi ya robo saa: unafupisha vikanda, basi. La Njiro lina mikono mirefu ya neti, imeshonewa stoni. Ukiinua bega, tundu la mkono linapanda nalo na kuingia kwapani, kwa hiyo unafumua mikono yote miwili, unachimba tundu upya, unarudisha mikono.

Halafu hili ni gauni la samaki, lile linalobana mpaka gotini kisha linafunguka. Nilipima kutoka kiunoni mpaka pale linapobana zaidi nikapata sm 62. Kwa binti yetu, kiuno hadi goti ni sm 58. Hata nikiinua mabega, mahali pa kubana pataangukia sm 4 chini ya goti, na mtu aliyefungwa chini ya goti hatembei, anarukaruka. Huwezi kuponya hilo kwa kukata pindo, kwa sababu pindo liko chini na tatizo liko katikati. Dawa ni kufumua sketi yote kuanzia nyonga na kuchora upya umbo lake, na kwa satini hiyo ni kuanza gauni jipya.

La Rau ni la kiuno cha kubana na sketi inayopanuka kutoka kiunoni. Nyonga zinaelea ndani yake bila shida.

Kinachoweza kurekebishwa, na bei yake

Nililigeuza la Njiro ndani nje. Mishono ya ubavuni ilikuwa imepigwa ovaloki, ikaachwa na kitambaa cha chini ya sentimita moja. Kuachia hapo hakupo. Kwa huyu binti si tatizo, maana yeye anahitaji kupunguziwa: kifua kutoka 104 mpaka 99, yaani mwili wake na sm 3 za kupumulia, na kiuno kutoka 86 mpaka 80. Tatizo ni kwamba stoni zimepita juu ya mshono wa ubavu. Mashine haipandi juu ya stoni, sindano inavunjika. Unang'oa stoni kwa mkono upana wa vidole viwili kila upande, unabana, unazirudisha moja moja. Na pindo lake lina lesi ya mawimbi, kwa hiyo ili kupunguza sm 6 huwezi kukunja tu. Unaitoa lesi yote, unakata, unairudisha kuzunguka gauni lote. Kazi hiyo pamoja na mabega na mikono nisingemfanyia mtu baki chini ya 180,000, na bado goti lingebaki pale pale.

La Rau nalo nililigeuza. Aliyelishona aliacha sm 2.5 ndani ya kila mshono wa ubavu. Hesabu yake ni rahisi na inafaa uijue hata kama hushoni: unahitaji sm 1 kwa ajili ya mshono mpya, inabaki 1.5. Kila mshono una vitambaa viwili, mbele na nyuma, na mishono ni miwili. Mara nne 1.5 ni sm 6. Hiyo ni akiba ya kiunoni na kifuani, mbali na kamba za mgongoni. Kwa hiyo gauni linaloonekana dogo kwa sm 6 ndilo lenye nafasi kuliko lile kubwa. Muuzaji akikupigia picha moja tu ya ziada, iwe ya mshono wa ubavu kutoka ndani, na tepu imewekwa juu yake.

Akiba hiyo ina mipaka. Satini inakumbuka kila tundu la sindano, na ukiachia mshono utauona mstari wa zamani kama kovu. Na kitambaa kilichokuwa kimejificha ndani huwa cheupe kuliko kile kilichoona jua na taa. Ndiyo maana nilipanga tusiiguse akiba hiyo, tutumie kamba. Kifua chake 96 na sm 2 za kupumua ni 98. Gauni likifungwa ni 90, mgongo unabaki wazi sm 8 juu na sm 6 kiunoni. Wazi wa namna hiyo unapendeza kwa sababu kingo mbili zinakaribia kuwa sambamba. Ukiona juu ni sm 3 na chini 12, hilo gauni halikuwa la mwili wako. Nyuma ya kamba nitaweka kipande cha satini cha kuziba mgongo, kwa kuwa aliyelivaa kwanza alikipoteza.

Urefu umezidi sm 3. Neti haichambuki nyuzi, unakata kwa mkasi na kuacha, na satini ya ndani unaikunja. Kipande cha mgongo na pindo: 45,000.

La Rau lina gharama moja ambayo la Njiro halina. Ni la vikanda vyembamba, na kanisa lao wanataka mabega yafunikwe. Koti fupi la lesi ni 70,000. Ulizeni kanisani kabla hamjanunua gauni, si wiki ya harusi.

Usafi, na neno "safi"

Nianze na la Njiro. Harufu nzuri, linang'aa. Nikalipeleka dirishani nikaweka karatasi nyeupe pembeni. Kwenye picha gauni lilikuwa jeupe kama maziwa, lakini penye mwanga wa jua mbele ya sketi kulikuwa na vipande vya njano hafifu vyenye mpaka, kama ramani. Nikavuta kitambaa kwa vidole. Satini hiyo ina lastiki ndani yake, ilipaswa kurudi. Ilirudi nusu, ikabaki na mawimbi. Nikamwuliza mwenye gauni, dada, hili lilifuliwa na nini? Akasema dobi aliweka Jiki kidogo pale penye fondesheni na kwenye doa la mvinyo. Jiki ni nzuri kwa shuka za pamba. Kwenye lastiki inaua kuvutika kwake, na kwenye satini hizi za viwandani mara nyingi inaleta njano badala ya kuondoa. Njano hiyo haifuliki, kwa sababu si uchafu tena, ni kitambaa chenyewe kilichobadilika.

La Rau lilikuwa chafu waziwazi. Udongo mwekundu kuzunguka pindo, umepanda sm 4. Fondesheni shingoni. Kwapani hakuna kitu, lina bitana ya pamba na alitumia vitambaa vya kunyonya jasho. Udongo haukunitisha, hasa kwa kuwa sm 3 kati ya hizo 4 za neti zinaenda kukatwa. Nilichotafuta ni kisichoonekana. Nikamwuliza mwenye gauni, ambaye ni mama wa mtoto mchanga sasa, siku ile kulimwagika nini? Akacheka. Champeni, akasema, na soda nyeupe, mapajani, lakini vilikauka bila kuacha alama.

Alama ipo, inasubiri. Sukari ikikauka kwenye kitambaa haina rangi. Inakaa miezi, inageuka kahawia, na ukiipitisha pasi inageuka siku hiyo hiyo, kama sukari kwenye kikaango. Ndiyo maana kuna watu wanaapa gauni lilikuwa safi lilipowekwa kabatini, na hawasemi uongo. Na dawa ya drai klina peke yake haiondoi sukari, kwa sababu sukari inayeyuka kwa maji, haiyeyuki kwa dawa inayoondoa mafuta. Inabidi umwambie dobi: hapa na hapa palimwagika soda, anza na maji. Dobi asiyeambiwa hana kosa. Gauni likiwa limefuliwa tayari, ulizia kama lilipigwa pasi kabla au baada.

Kabla ya kukubali lifuliwe kwa maji niliangalia vitu viwili. Sumaku nilipitisha juu ya vijiti vinavyosimamisha kifua; haikushika, kwa hiyo si vya chuma kinachotoa kutu. Na nikavuta stoni tano: zimeshonwa, hazikubandikwa kwa gundi. Za gundi hutoka kwenye maji moto, na hata drai klina zinaweza kulainika. Kufua nimekadiria 60,000 kwa dobi anayekubali kuosha kwa mkono.

Hapa utaratibu ni muhimu kuliko bei: kufua kwanza, kushona baadaye, pasi mwisho. Nimewahi kuletewa gauni nilipunguze likiwa bado halijafuliwa, nikaubonyeza mshono kwa pasi, na mstari wa kahawia ukajitokeza mbele ya macho yangu na ya mwenye gauni. Siku hiyo sikudai hela.

Limevaliwa mara ngapi?

"Mara moja tu" ni maneno ya kila tangazo. Mara moja ni kanisani kuanzia saa nane, picha bustanini, ukumbini mpaka saa sita usiku na kucheza ndani yake. Saa kumi hizo zinaacha kazi: pindo, kisigino kilichotoboa neti, jasho. Gauni lililovaliwa mara moja bila hata alama moja huwa halikuvaliwa, au limefanyiwa kitu.

La Njiro lilikuwa na mishono mitatu sambamba kila ubavu, mistari miwili ya matundu ya zamani na mmoja wenye uzi mpya. Zipu ilikuwa imebadilishwa, maana uzi wake haukufanana na wa gauni. Ndani ya kifua kulikuwa na matundu madogo ya pini. Mtu haumbwi upya mara tatu siku ya harusi yake. Nilisema tu, "Dada, hili limepita kwa watu wengi," na yeye, kwa upole kabisa, akasema ni kweli, alilikodisha kwa ndugu na marafiki "mara mbili tatu." Gauni la kukodisha si baya. Lina bei yake, basi, na bei yake si 650,000.

La Rau lina mshono mmoja, uzi mmoja, vitanzi vyote kumi na nane vya kamba vipo, viwili vimelegea. Lilivaliwa Desemba iliyopita Machame, likakaa kwenye mfuko wa nailoni. Mfuko huo ndio kosa pekee la mwenyewe. Nailoni inafungia unyevu na kuharakisha njano. Tulimwachia shuka ya zamani ya pamba alifunge humo mpaka tutakapolichukua.

Tulichoamua, na nani angeamua tofauti

La Njiro lingefika 830,000 kabla hata ya kufuliwa tena, na bado linabana chini ya goti na lina njano isiyotoka. La Rau: 450,000 na 60,000 ya dobi, 45,000 ya pindo na mgongo, 70,000 ya koti. Jumla 625,000, na mama wa Rau alishusha 30,000 alipoona tumekuja na tepu badala ya maneno.

Lakini angekuwa binti mwingine, mrefu wa mita 1.70 na zaidi, kiwiliwili kirefu cha sm 43 na nyonga 107, ningemwambia alifikirie la Njiro kwa 350,000. Lingemkaa bila kuinuliwa mabega, lesi ya pindo isingeguswa, na ile njano iko mbele ya sketi mahali ambapo lesi ya juu inaweza kushonewa kuificha. Sina ugomvi na gauni. Nina ugomvi na lile tangazo, kwa sababu lilimpeleka mtu wa sm 162 mpaka Njiro kutazama gauni ambalo mstari mmoja wa vipimo ungemwambia abaki nyumbani.

Binti yetu naye atauza lake baada ya harusi, tayari amesema. Nimemwandikia tangazo mapema, abadilishe tu pale patakapobadilika:

"Gauni la harusi, jeupe la maziwa, satini na neti, mgongo wa kamba. Kifua sm 90 likifungwa, hadi 100 likiachiwa. Kiuno 74 hadi 84. Bega hadi kiuno 40, vikanda vinafupishika. Kiuno hadi chini sm 107, neti imekatwa, halirefuki. Ubavuni kuna akiba ya sm 6 haijaguswa, picha ya mshono ipo. Limevaliwa mara mbili, na mabibi harusi wawili. Lilifuliwa kwa maji kabla ya harusi ya pili. Tangu harusi hiyo halijafuliwa wala kupigwa pasi, na palipomwagika kitu pamewekwa pini yenye uzi mwekundu. Tundu la kisigino limezibwa ndani ya neti, upande wa kulia. Koti la lesi linauzwa nalo. Lipo Moshi, njoo na tepu yako."